Sheria za gesi: karatasi ya kidato cha tatu

Boyle, mwaka 1662: halijoto isipobadilika wala gesi kuvuja, presha mara ujazo hubaki ileile. Ukiibana gesi, molekuli zake hugonga kuta mara nyingi zaidi, ndiyo maana presha hupanda.

P₁V₁ = P₂V₂

Mfano 1. Vuta hewa ya Nairobi hadi alama ya 60 cm³ kwenye sirinji, ziba mdomo kwa kizibo cha mpira, kisha sukuma polepole hadi 40 cm³. Presha ya ndani sasa ni ngapi?

Usikimbilie kuandika 101.3 kPa. Hiyo ni ya usawa wa bahari, kule Mombasa. Huku juu, kama mita 1,795, hewa ina takriban 83 kPa.

P₂ = 83 kPa × 60 cm³ ÷ 40 cm³ = 124.5 kPa

Kagua vizio: cm³ juu na cm³ chini zinafutana, inabaki kPa. Hapa hakuna haja ya kugeuza chochote, mradi pande zote mbili zitumie kizio kimoja. Ukiandika 60 cm³ na 0.04 dm³ bila kugeuza, utapata 124,500 kPa, na sirinji ya plastiki haiwezi kustahimili hiyo. Kagua pia mwelekeo: ujazo umepungua, basi presha lazima ipande.

Ukisukuma kwa kishindo, hewa hupata joto na presha hupita hesabu yako kwa muda. Ukiachilia na pistoni isirudi karibu na 60, huenda kizibo kinavuja, au pistoni inakwama.

Halijoto nayo ikibadilika, tumia:

P₁V₁/T₁ = P₂V₂/T₂

Mfano 2. Gesi ya 250 cm³ imekusanywa kwa 83 kPa na 27 °C, ikiwa kavu. Itakuwa na ujazo gani kwa 101.3 kPa na 0 °C?

Geuza kwanza: 27 + 273 = 300 K; 0 + 273 = 273 K.

V₂ = (83 × 250 × 273) ÷ (300 × 101.3) = 186.4 cm³

kPa zinafutana, K zinafutana, inabaki cm³. Anayesahau Kelvini hapa huweka sifuri mahali pa 273 na kupata 0 cm³, yaani gesi yote imetoweka! Angalau kosa hilo linajionyesha. Lingekuwa 10 °C, jibu baya lingepita kimyakimya.

Tahadhari ya mwisho ni ya geji ya tairi. Husoma ziada juu ya presha ya hewa ya nje, kwa hiyo geji ikionyesha 200 kPa hapa Nairobi, kwenye fomula andika 283 kPa.

Zoezi. Sirinji ileile imesukumwa kutoka 60 cm³ hadi 25 cm³, halijoto ikiwa ileile. Tafuta P₂, ukiandika vizio katika kila hatua. (Jibu: 199.2 kPa)