Barua ya kupinga kukataliwa kwa dai la matibabu na kuomba lipitiwe upya

Mwamgongo,
Kigoma.

3 Machi 2025

Meneja,
Kitengo cha Madai,
Kampuni ya Bima ya Afya,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: KUPINGA UAMUZI WA KUKATAA DAI LA SH 486,000 LA MATIBABU YA MTOTO WANGU

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Nimepokea barua yenu ya tarehe 17 Februari 2025 inayokataa kunirejeshea fedha nilizolipa taslimu mwanangu wa kike, mwenye umri wa miaka 3 na miezi 8, alipolazwa mjini Kigoma kuanzia tarehe 11 hadi 15 Januari 2025. Mmetoa sababu mbili: kwamba malaria aliyougua ingetibiwa bila kulazwa, na kwamba sikuomba kibali cha awali. Sikubaliani na sababu hizo, na ninaomba dai lipitiwe upya pamoja na nyaraka za kitabibu ninazoambatanisha.

Mtoto alianza kutibiwa kama mgonjwa wa nje, kama mnavyosema ingetosha. Ijumaa ya tarehe 10 Januari nilimpeleka zahanati, kipimo cha haraka kikaonyesha malaria, akapewa dawa mseto. Alitapika dozi ya kwanza na aliporudiwa akaitapika tena. Usiku huohuo alipata degedege mara mbili, na alfajiri, tukiwa ndani ya boti kuelekea Kibirizi, alipata ya tatu. Nilimshika kichwa kisigonge ubao huku nikitazama viganja vyake vilivyokuwa vimepauka hata mistari haionekani. Zahanati iliandika degedege hizo mbili na kutapika kwake kwenye barua ya rufaa, na ya tatu imeandikwa na daktari aliyempokea hospitalini.

Cheti cha maabara cha tarehe 11 Januari kinaonyesha hemoglobini ya gramu 4.3 kwa desilita na vimelea 48,000 kwa maikrolita ya damu. Kwa vigezo vya Shirika la Afya Duniani, mtoto wa chini ya miaka 12 mwenye vimelea zaidi ya 10,000 na hemoglobini isiyozidi gramu 5 ana malaria kali, na degedege zaidi ya mbili ndani ya saa 24 ni dalili nyingine ya malaria kali. Mwanangu alikuwa na zote mbili. Jedwali la dawa linaonyesha kuwa alichomwa sindano za atesuneti za miligramu 39, yaani miligramu 3 kwa kila kilo ya uzito wake wa kilo 13, alipofika, baada ya saa 12 na baada ya saa 24, akaongezewa damu, na alipoweza kumeza ndipo akamalizia dawa mseto kwa siku tatu. Sioni ni kwa namna gani mtoto asiyebakiza dawa tumboni na anayehitaji damu angetibiwa akiwa nyumbani, ng'ambo ya safari ya boti.

Ninaamini kosa lilianzia kwenye fomu ya madai. Sehemu ya ugonjwa imejazwa neno "Malaria" peke yake na msimbo B54, ambao ni wa malaria isiyobainishwa, ilhali muhtasari wa kuruhusiwa unasema "malaria kali yenye upungufu mkubwa wa damu". Daktari aliyemtibu ameandika barua ya ufafanuzi, akarekebisha msimbo kuwa B50.8. Aliyepitia dai akisoma fomu pekee angeweza kufikia uamuzi mliofikia, ndiyo maana ninasisitiza faili lote lisomwe.

Kuhusu kibali, tulifika hospitalini Jumamosi saa moja na nusu asubuhi, mtoto akiwa hajitambui, na mhudumu wa dirisha la bima aliandika nyuma ya fomu kwamba simu yenu haikupokelewa na kadi haikuhakikiwa. Nililipa taslimu ili damu isicheleweshwe.

Kwa hiyo ninaomba dai lipitiwe na daktari ambaye hakuhusika na uamuzi wa kwanza, ikiwezekana bingwa wa watoto, na nipewe majibu ya maandishi ndani ya siku 14. Endapo mtalikataa tena, naomba mnitajie kifungu cha mkataba mnachokitegemea, kwa maneno yake, ili niweze kulifikisha suala hili kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

Naambatanisha nakala za barua yenu, kadi ya uanachama, barua ya rufaa, fomu ya madai pande zote mbili, cheti cha maabara, jedwali la dawa, fomu ya kuongezewa damu, muhtasari wa kuruhusiwa na barua ya daktari. Stakabadhi halisi mnazo tangu nilipowasilisha dai. Nimebaki na nakala.

Wako mtiifu,

Mwanachama mchangiaji na mama wa mgonjwa