Muhtasari wa Tathmini ya Utendaji Kazi: Afisa Huduma kwa Wateja, Januari hadi Juni

Kati ya malalamiko 412 uliyopokea, 371 uliyamaliza ndani ya saa 48, sawa na asilimia 90. Lengo lilikuwa 85. Mfumo ulipozimika Machi, uliwapigia simu wateja 26 kabla hawajalalamika. Hukuagizwa na mtu, nami nalithamini sana hilo.

Udhaifu uko kwenye kumbukumbu. Nilikagua majalada 40. 14 hayakuonyesha chanzo cha tatizo, na wateja 5 walilazimika kujieleza upya. Naamini ni haraka, si uzembe.

Kufikia 31 Desemba, majalada yenye upungufu yasizidi 2 kati ya 40, na kasi isishuke chini ya asilimia 90. Tutakagua pamoja majalada 10 kila mwisho wa mwezi. Nitakupunguzia zamu moja ya simu kwa wiki upate muda wa kuandika.