Maneno machache kwa mama na baba lishe wa Tandale

Shikamooni wazee wangu, na wengine habari za asubuhi. Sitawachelewesha, najua maharage yako jikoni.

Kipindupindu kinaingia kwa mdomo. Kinyesi cha mgonjwa kikifika kwenye maji, mikono au chakula, mteja anakimeza bila kujua. Nzi naye ni msafirishaji asiyelipa nauli: anatoka chooni, anatua kwenye chapati yako.

Tuanze na mikono. Lile beseni moja ambalo wateja kumi wanachovya vidole, leo liondoke. Maji yatiririke: ndoo yenye koki au kibuyu chirizi, na sabuni pembeni. Sugua viganja, katikati ya vidole na chini ya kucha, kwa sekunde 20. Wewe unayepika, nawa kila utokapo chooni, ukimbadilisha mtoto nepi, na kabla ya kushika chakula. Noti nazo ni chafu. Atafutwe mmoja wa kupokea hela, mwingine apakue.

Chakula kiuzwe cha moto, kifunikwe kwa mfuniko au kawa. Kitambaa kile cha kufutia meza hakifuniki maandazi, mama! Kachumbari na matunda ya kukatwa tuyaache kwa sasa. Najua inauma, lakini hayapikwi. Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa.

Ukianza kuharisha maji kama ya mchele, usije sokoni. Kunywa ORS njiani ukielekea zahanati. Haya, nani ana swali?