Toleo 3.2: naomba lisitoke Ijumaa kabla ya kasoro namba 412 kurekebishwa

Dada Neema, habari za mchana.

Najua Ijumaa umeshawaahidi viongozi wa vikundi, ndiyo maana nakuandikia leo Jumanne badala ya kungoja kikao cha Alhamisi. Kasoro zilizobaki ni 14. Kumi na tatu ziende tu, tutazirekebisha baadaye. Hii moja hapana: mwanachama anakatwa mchango mara mbili.

Jana nilichukua ile simu yetu ya bei ya chini, akaunti ya majaribio ikiwa na salio la shilingi 50,000. Nikalipa mchango wa 20,000, na nilipobonyeza "Lipa" tu nikazima data. Baada ya sekunde 30 skrini ikaandika "Malipo hayajakamilika. Jaribu tena." Nikawasha data, nikajaribu tena. Risiti ikaja moja, ya 20,000. Kuangalia salio: 10,000. Nimerudia mara kumi, saba zikakatwa mara mbili. Zile tatu niliwahi mno kuzima data, ombi la kwanza halikuwa limetoka kwenye simu.

Chanzo tumekiona na Baraka kwenye logi. Toleo lililoko sokoni hutengeneza namba ya muamala mara moja, ukurasa wa malipo unapofunguka. Hili jipya hutengeneza nyingine kila kitufe kinapobonyezwa. Ombi la kwanza huwa limeshafika, jibu lake ndilo hupotea njiani. La pili likija na namba mpya, seva inalihesabu kuwa malipo mengine.

Kwa waifai ya ofisini huwezi kuliona tatizo hili; mimi mwenyewe lilinipita wiki nzima. Lakini wanachama wetu hulipa kikaoni, watu thelathini kwa wakati mmoja, mtandao ukisuasua, na Ijumaa hii ni mwisho wa mwezi. Nilifikiria tuweke onyo la kutobonyeza mara mbili, ila skrini yetu wenyewe ndiyo inayowaambia wabonyeze. Kusasisha baadaye nako hakurudishi hela iliyokwisha kukatwa. Tutairudisha kwa mkono, mtu mmoja mmoja, na wakati huo mhazini wa kikundi ndiye atakayeulizwa iko wapi.

Baraka anasema siku moja inamtosha kurudisha utaratibu wa zamani na kuhakikisha seva inaikataa namba iliyojirudia. Mimi nahitaji siku moja na nusu kupima malipo yote upya. Tukianza kesho asubuhi, Jumatatu tunatoa.

Kama Ijumaa haisogei kabisa, tutoe toleo likiwa na ukurasa wa malipo wa zamani. Ripoti mpya za mhazini, ambazo nadhani ndizo viongozi wanazisubiri hasa, haziugusi ukurasa huo. Hilo nitalipima kwa nusu siku.

Video ya jaribio nimeiweka kwenye tiketi, haifiki dakika mbili. Nipo mezani kwangu hadi saa kumi na moja. Ukitaka nikuonyeshe kwenye simu yenyewe, nakuja.

Juma