Saa Nane Mchana

Kizimba changu cha nyanya na cha Baba Zuhura cha vitunguu vimepakana hapa soko la Ilala, kwa hiyo usingizi wake niliujua vizuri. Ikifika saa nane mchana, akishakula wali wa mama ntilie, anajiegemeza kwenye gunia, kidevu kinashuka kifuani. Mteja akija ananiuliza mimi, kwa sauti ya chini: "Dada, nimwamshe?" Wengine hawakuuliza, walipita wakanunua mbele. Nilimuuzia nilipoweza, hela nikaziweka chini ya mzani wake. Iliniuma, maana ni mtu mwema na ana watoto shuleni.

Alikuwa na miaka 52. Anakaa Buguruni, na kila asubuhi bodaboda ilimchukua mlangoni ikamshusha hapa hapa sokoni. Jioni vivyo hivyo. Katikati ni stuli.

Siku alipokwenda zahanati kupima presha, muuguzi alimwambia: "Baba, tembea nusu saa, siku tano kwa wiki. Na usitembee kwa madaha. Uende mwendo ambao kuongea unaweza, kuimba huwezi."

Jumatatu akaja kwa miguu, Barabara ya Uhuru yote ile. Alifika shati limemganda mgongoni.

"Mama Jamila, leo nimekwisha."

"Pole, kaka yangu. Kunywa maji kwanza."

Wiki hiyo ya kwanza, niseme kweli, alilala kuliko zamani. Alhamisi kandambili zilimchubua kisigino, nikajua basi, kesho anarudi kwenye pikipiki. Lakini mkewe alipita Karume akamchagulia raba za mtumba, za bluu, soli bado nzima. Ijumaa akaja nazo.

Mabadiliko niliyasikia kabla sijayaona. Ilikuwa wiki ya nne hivi, mchana, jua limewaka, nikasikia mtu ananadi: "Vitunguu vya Mang'ola! Vikavu, havinyauki!" Nikageuka. Alikuwa yeye, kasimama, anachambua vitunguu huku anayapuliza maganda mekundu yakaruka mpaka kwenye nyanya zangu. Mama mmoja mwenye mgahawa, mteja wake wa siku nyingi, alikuja moja kwa moja kwangu kwa mazoea, akainama: "Dada, nimwa..." Akanyamaza. Baba Zuhura alikuwa ameshashika mzani, anamuuliza kilo ngapi.

Gunia alilokuwa akiliegemea liliuzwa siku hiyo hiyo.

Juzi kafika mapema kuliko mimi. Nilimkuta anafungua turubai, uso umekunjamana kama mtu aliyepunjwa.

"Kuna nini, Baba Zuhura?"

"Nimetoka nyumbani mpaka Ilala Boma naimba taarabu, Mama Jamila. Beti zote, pumzi haijakata." Akakaza kamba za zile raba. "Kesho naongeza mwendo."