Herufi Y

Ujumbe wa sauti uliingia saa nne asubuhi, Yasini akiwa amepiga magoti mbele ya mashine ya boti iliyofunuliwa kifuniko.

"Fundi Yasini, habari za kazi? Yale mafunzo ya utunzaji wa mashine ni Jumamosi ijayo. Naomba unitumie wasifu wako mfupi, maneno mia tu, tuuchape kwenye ratiba. Mwisho kesho jioni."

Aliusikiliza mara tatu. Kufundisha alikuwa amekubali wiki iliyotangulia kwa kuwa alishindwa kusema hapana. Lakini kujieleza! Yasini ni mtu anayezunguka nyuma ya soko la Mwanga, Kigoma, ili asikutane na wazee wa kumwuliza habari za nyumbani. Mteja akimwuliza mashine ina nini, hujibu kwa kumwonyesha plagi iliyoungua.

Ilikuwa Juni 2024. Uvuvi ziwani ulikuwa umesimamishwa tangu Mei 15 hadi Agosti 15, kwa makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka Tanganyika, ili samaki wazaliane. Mitumbwi ya dagaa ilikuwa imepandishwa mchangani pale Kibirizi, taa zimevuliwa na kupelekwa majumbani. Boti za abiria ndizo zilizoendelea kwenda na kurudi, kwa hiyo kisingizio cha kazi nyingi hakuwa nacho.

Usiku ule aliandika kwenye karatasi ya daftari: "Naitwa Yasini. Ninasaidia kwa Mzee Kassimu, Kibirizi."

Maneno saba. Yalibaki tisini na matatu, naye alikaa nayo saa nzima.

Dada yake Ashura, anayechapa barua za watu kwenye steshenari, alimwonea huruma akamsomea mfano kutoka kwenye simu: "Ni kijana mchapakazi, mbunifu, mwenye uwezo mkubwa wa kuongoza na kuwasiliana na watu wa rika zote."

"Huyo si mimi, dada."

"Kila mtu anaandika hivyo."

"Basi watamtafuta huyo mtu Jumamosi, wamkose."

Ashura aliweka simu chini. Nadhani hapo ndipo alipoacha kumtafutia maneno akaanza kumwuliza mambo. "Haya, umefanya kazi hiyo miaka mingapi?"

Hakujua. Alijua mahali pa kutazama. Chini ya kitanda kulikuwa na kaunta buku tatu, kurasa zake zina alama za vidole vya grisi. Mzee Kassimu ndiye aliyeanzisha utaratibu huo: kila mashine iandikwe tarehe, jina la boti, tatizo lake, kilichobadilishwa, na mwishoni herufi ya aliyeitengeneza. K ni Kassimu. Y ni Yasini.

Y ya kwanza ilikuwa ya Oktoba 2018: "Plagi mbili. Y." Chini yake K nyingi zilifuatana, kisha Y moja, kisha K tena. Alizisoma polepole, bila kutafuta kitu. Mashine iliyoharibiwa na mtu aliyezidisha petroli na kupunja oili. Kabureta iliyojaa maji. Kwenye kaunta buku ya pili akakuta maandishi yake mwenyewe aliyokuwa ameyasahau: "Impela imekatika tena. Boti ya abiria. Ya nne mwezi huu. Wanawasha ufukweni, pampu inavuta mchanga."

Akakumbuka jinsi alivyozunguka kwa manahodha mmoja mmoja alfajiri, kabla watu hawajajaa, akiwaonyesha mpira ule uliokwanguliwa. Hotuba hakuwapa. Aliwawekea impela mbili mkononi, mpya na ile iliyokufa, akasema, "Sukumeni kwa pondo kwanza. Maji yakiwa kiunoni, washeni." Saba walimsikia. Boti zao hazikuonekana tena kwenye kurasa zile kwa tatizo hilo.

"Hii nayo ni kazi?" alimwuliza dada yake.

"Endelea kusoma," Ashura akasema. Alikuwa ameshachukua kalamu.

Kwenye kaunta buku ya tatu kidole chake kilisimama. Machi 9, 2022: gasketi, boti ya Kagunga, K. Alifunua ukurasa uliofuata, Y. Mwingine, Y. Alifunua hadi mwisho, akarudi, akafunua tena. Hakukuwa na K nyingine.

Ilikuwaje asijue? Mzee Kassimu hakuacha kuja hata siku moja. Alikaa kwenye kreti lake chini ya mwembe, akisikiliza, akipanga bei, na macho yalipoanza kufunga ukungu akawa anashikilia chai kwa mikono miwili. Na Yasini kila siku alimwambia mteja, "Ngoja nimwulize mzee," akaenda, akarudi, akafanya lile alilokuwa ameshaamua.

Walihesabu pamoja. Tangu siku ile, Y 231. Zilizorudi na tatizo lilelile, sita. Hizo sita alizijua kwa majina ya boti bila kutazama. Ndizo zilizomkosesha usingizi miaka yote. Zile 225 hakuwahi kuziwaza.

Kesho yake alasiri alipanda bajaji hadi Ujiji na kilo mbili za sukari. Asingeweza kutuma ile karatasi kabla Mzee Kassimu hajaisikia. Kuandika kwamba wewe ndiye fundi, ilhali aliyekufundisha yu hai na anakaa pembeni yako kila siku, ni jambo zito, na alikuwa tayari kuichana.

Mzee alikuwa barazani. Waliamkiana, sukari ikaingia ndani, kisha Yasini akasoma, macho yake kwenye karatasi tu:

"Yasini ni fundi wa mashine za boti katika mwalo wa Kibirizi, Kigoma. Alianza mwaka 2018 kwa Mzee Kassimu, aliyemfundisha kuisikiliza mashine kabla ya kuifungua. Tangu Machi 2022 ameandika daftarini matengenezo 231 aliyoyafanya. Sita tu yalirudi. Kwa kumbukumbu za daftari aligundua kwamba mchanga wa ufukweni ndio unaoua pampu za boti za abiria, na manahodha saba wamebadili namna ya kuondoka. Vijana watatu aliowafundisha sasa wanajitegemea. Haongei sana. Ukimwuliza swali, atakujibu."

Kimya. Mtoto akapita anaendesha ringi la baiskeli kwa kijiti.

"Rudia pale pa Machi."

Akarudia, sauti ikimkauka.

"Ilikuwa boti ya Kagunga," mzee akasema.

"Ndiyo, mzee. Gasketi."

"Niliifunga kinyume. Nikapapasa, nikaona matundu hayakutani. Wewe ulikuwa umekwenda kula. Nikaifungua, nikaifunga upya kabla hujarudi." Alijipangusa goti, ingawa hakukuwa na vumbi. "Siku ile nilijua. Nikasema, huyu nimwache, atajua mwenyewe siku yake."

Yasini hakupata neno. Alikunja karatasi, akaikunjua.

"Hiyo ya pili niliifunga vizuri," mzee akasema. "Umenihesabia?"

"Nimekuhesabia, mzee. Imeandikwa K."

"Haya. Watumie, jioni hiyo inaingia."

Alipiga picha karatasi palepale barazani, akaituma kwa Ashura aichape. Adhana ya Magharibi ilipoanza alimshika mzee mkono, wakateremka ngazi mbili za baraza, taratibu, kuelekea msikitini.