Matokeo: Fukusi wa migomba kutoka Kamanyola hadi Kabare, na namna tulivyozisoma sifuri za mitego

Mitego iliyosomwa

Mwaka 2023 tulitega mitego 120 ya vipande vya shina la mgomba katika mashamba 24 ya Kivu Kusini: sita Kamanyola, sita Katana, sita Nyangezi na sita Kabare, mitego mitano kila shamba. Kila mtego ulikaguliwa mara nane, mara nne wakati wa mvua na mara nne wakati wa kiangazi, siku tatu baada ya kuwekwa kipande kibichi. Kwa hesabu hiyo tungepata masomo 960. Tulipata 923. Yale 37 yaliyobaki ni ya mitego iliyoliwa na mbuzi, iliyosombwa na maji, au iliyookotwa na mtu akalishie ng'ombe. Hayo tuliyaacha wazi kwenye daftari, wala hatukuyaandika sifuri. Tunalitaja jambo hili kabla ya modeli yoyote, kwa sababu mtego ambao haupo haujatuambia lolote, na modeli haina namna ya kumwokoa mtafiti aliyeandika 0 mahali pa «mtego umepotea».

Katika masomo 923, fukusi (*Cosmopolites sordidus*) walionaswa ni 1,812. Masomo 631, yaani 68.4%, yalikuwa sifuri. Wastani wa masomo yote ni fukusi 1.96 kwa mtego, lakini mtego wenye fukusi ulikuwa na wastani wa 6.21. Tofauti hiyo ndiyo inayoonyesha kwamba wastani mmoja haumwelezi mkulima wa mahali popote.

| Mahali | Mita juu ya bahari | Masomo | Sifuri | Fukusi |
|---|---|---|---|---|
| Kamanyola | 930–1,010 | 232 | 71 (30.6%) | 1,247 |
| Katana | 1,480–1,560 | 229 | 128 (55.9%) | 498 |
| Nyangezi | 1,590–1,720 | 233 | 206 (88.4%) | 63 |
| Kabare | 1,890–2,010 | 229 | 226 (98.7%) | 4 |

Je, sifuri zimezidi kweli?

Sifuri kuwa nyingi si ushahidi kwamba zimezidi. Mahali penye fukusi wachache sana, sifuri nyingi ni jambo la kawaida, na modeli rahisi inaweza kuzieleza zote. Kwa hiyo hatukuuliza sifuri ni ngapi. Tuliuliza ni ngapi ambazo modeli ilizitarajia baada ya kuzingatia mwinuko, msimu, usafi wa shamba, na tofauti za shamba na shamba, mtego na mtego. Kila modeli tuliitumia kuzalisha data mara 1,000, tukahesabu sifuri zake, kisha tukalinganisha na 631 zetu. Modeli zenyewe tulizilinganisha pia kwa AIC, kipimo ambacho kikiwa kidogo modeli ni bora.

| Modeli | Sifuri zilizotarajiwa (mipaka ya 95%) | AIC |
|---|---|---|
| Poisson | 497 (470–523) | 3,612.4 |
| Poisson yenye sifuri za ziada | 629 (601–656) | 2,487.1 |
| Binomia hasi | 588 (558–617) | 2,148.7 |
| Binomia hasi yenye sifuri za ziada | 626 (596–655) | 2,109.3 |
| Kizingiti, binomia hasi | 631 (603–658) | 2,111.8 |

Mambo mawili yanasomeka hapa, na la kwanza husahaulika mara nyingi. Kuhama kutoka Poisson kwenda binomia hasi kulishusha AIC kwa 1,463.7, kuongeza sehemu ya sifuri kukaishusha kwa 39.4 tu. Tatizo kubwa la data hizi lilikuwa mtawanyiko: fukusi hukusanyika, mtego mmoja una 31 na jirani yake, hatua kumi kando, una wawili. Poisson yenye sifuri za ziada ilizipata sifuri karibu zote, lakini ikashindwa kabisa na mitego iliyojaa. Anayerekebisha sifuri peke yake na kuacha mtawanyiko atapata mipaka ya uhakika iliyobana kuliko haki yake.

La pili: hata binomia hasi haikutosha. Sifuri 631 ziko nje ya mipaka yake, na pengo lenyewe liko karibu lote Nyangezi na Kabare. Huko modeli ilitarajia fukusi mmoja mmoja ambao hawakuonekana.

Modeli mbili na maana zake

Modeli ya sifuri za ziada, ambayo kwa Poisson iliandikwa na Lambert mwaka 1992, inachukulia kwamba sifuri zina asili mbili. Kuna sifuri ya mahali ambapo fukusi hawapo au hawawezi kuishi, na kuna sifuri ya mahali walipo lakini usiku huo hakuna aliyeingia mtegoni. Modeli ya kizingiti, ambayo Mullahy aliieleza mwaka 1986, haizitenganishi. Inauliza kwanza kama mtego ulivuka kizingiti cha kupata angalau fukusi mmoja. Ukishavuka, inauliza walikuwa wangapi.

AIC za modeli hizi mbili zimepishana kwa 2.5, tofauti ndogo isiyotosha kuamua. Tuliamua kwa biolojia ya mdudu mwenyewe. Fukusi hutembea usiku, huruka kwa nadra, na hujificha chini ya majani makavu; mtego mtupu katikati ya shamba lenye fukusi ni jambo ambalo kila aliyewahi kutega amelishuhudia. Sifuri za aina mbili zipo kweli, kwa hiyo modeli ya sifuri za ziada ndiyo matokeo yetu makuu, na kizingiti tumekitumia kukagua. Zote zilikadiriwa kwa `glmmTMB`:

```r
m_ziada <- glmmTMB(fukusi ~ mwinuko + msimu + usafi + (1 | shamba/mtego),
                   ziformula = ~ mwinuko,
                   family = nbinom2, data = mitego)
m_kizingiti <- update(m_ziada,
                      ziformula = ~ mwinuko + msimu + usafi + (1 | shamba),
                      family = truncated_nbinom2)
```

Angalizo kwa atakayerudia kazi hii: ndani ya `glmmTMB`, sehemu ya sifuri inakadiria uwezekano wa *kuwa* sifuri, hata kwenye modeli ya kizingiti. Amri `hurdle()` ya `pscl` inakadiria uwezekano wa *kuivuka* sifuri, kwa hiyo alama za kujumlisha na kutoa hugeuka. Katika maandishi haya, vipimo vyote vya kizingiti tumevigeuza visomeke kama uwezekano wa kunasa.

Mwinuko

Katika sehemu ya sifuri, kila mita 100 za kupanda ziliongeza uwiano wa uwezekano wa sifuri ya ziada mara 3.6 (mipaka ya 95%: 2.4–5.4). Uwezekano huo ulikuwa karibu na 0 katika mashamba ya Kamanyola, 35% kwenye mita 1,520, 74% kwenye mita 1,650, na zaidi ya 99% kwenye mita 1,950. Mahali unapofika nusu ni mita 1,568 (1,510–1,640), mwinuko ambao unapita katikati ya Katana na Nyangezi.

Katika sehemu ya hesabu, pale fukusi walipo, mwinuko ulipunguza idadi yao polepole tu: mara 0.90 kwa kila mita 100 (0.84–0.97). Binomia hasi ya kawaida iliyachanganya mambo haya mawili ikatoa 0.71, namba ambayo si kweli kwa Kamanyola wala kwa Kabare.

Msimu

Hapa modeli mbili zinaonekana kupingana, na tunaomba msomaji atulie kidogo. Katika modeli ya sifuri za ziada, mvua iliongeza hesabu ya fukusi mara 1.84 (1.41–2.40). Tulipoingiza msimu kwenye sehemu yake ya sifuri, uwiano ulikuwa 0.81 wenye mipaka mipana (0.37–1.76), na AIC ikapanda hadi 2,111.0, tukauondoa. Katika modeli ya kizingiti, msimu ulionekana pande zote mbili: wakati wa mvua uwiano wa uwezekano wa kunasa angalau mmoja uliongezeka mara 2.27 (1.55–3.33), na mitego iliyonasa ilikuwa na fukusi wengi zaidi mara 1.62 (1.18–2.23).

Hakuna mgongano. Kizingiti kinaziweka sifuri zote kapu moja, pamoja na zile za fukusi waliokuwepo wasitembee kwa sababu ya ukame. Hao ndio wanaoifanya sehemu yake ya kwanza ihisi msimu. Modeli ya sifuri za ziada inawahesabu hao kama sifuri za kawaida za binomia hasi, kwa hiyo athari ya msimu inabaki kwenye hesabu. Kwa lugha ya shambani: kiangazi hakiwaondoi fukusi, kinawapunguzia mwendo. Mtu akisoma kizingiti peke yake, anaweza kudhani kwamba mwezi wa Julai fukusi wamehama.

Usafi wa shamba

Mashamba 11 kati ya 24, yakiwa mawili au matatu kila mahali, yalikatiwa mashina yaliyovunwa na kuondolewa majani makavu kila mwezi. Katika hayo, hesabu ilikuwa mara 0.58 ya mengine (0.40–0.84). Kizingiti kilikubali: uwiano wa kunasa mara 0.49 (0.29–0.83), na hesabu ya mitego iliyonasa mara 0.66 (0.45–0.97). Kwenye mita 970 wakati wa mvua, modeli kuu inatarajia fukusi 8.6 kwa mtego katika shamba lisilosafishwa na 5.0 katika lililosafishwa. Usafi haukugawiwa kwa kura. Wenye mashamba waliuchagua wenyewe, na huenda mkulima anayesafisha hufanya na mengine mema ambayo hatukuyapima.

Sifuri moja, maana tatu

Kwa modeli kuu tulikadiria, kwa kila mtego mtupu, uwezekano kwamba sifuri yake ni ya ziada. Tuchukue shamba safi la wastani wakati wa kiangazi. Kamanyola, mtego una uwezekano wa 28% kuwa mtupu, na karibu utupu wote huo ni bahati ya usiku ule. Uwezekano wa kuwa sifuri ya ziada hauzidi 1%. Katana ni 57%, karibu nusu kwa nusu. Kabare unapita 99%. Modeli inaamua hali hii kwa kila ukaguzi, si kwa shamba zima, kwa hiyo 57% ya Katana isisomwe kama asilimia ya mashamba yasiyo na fukusi.

Fukusi wanne wa Kabare

Masomo matatu yenye fukusi huko Kabare, yenye fukusi wanne kwa jumla, yote yalitoka shamba moja. Mwenye shamba, mama anayepika pombe ya kasiksi kwa ndizi zake, alitueleza kwamba machipukizi ya upande ule aliyatoa Katana. Fukusi husambaa zaidi kwa miche iliyokwisha kuliwa kuliko kwa miguu yao wenyewe, na maelezo yake yanalingana na hilo. Tulirudia modeli kuu bila Kabare yote: athari ya msimu ilikuwa 1.86 badala ya 1.84, na ya mwinuko kwenye sifuri ikashuka kutoka 3.6 hadi 3.1 (1.9–5.1). Tulipoliondoa shamba hilo peke yake, Kabare ilibaki na masomo 190, yote sifuri.